Anayeletewa na Anayeombwa

Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe, naye hana mimba, hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Muda huo wote nyumba haikauki watu. Shangazi analala naye chumba kimoja, mawifi wanapokezana jikoni, majirani wanaingia kwa hodi na kutoka kwa dua. Mwanamume akifiwa na mkewe hana eda. Tanga likianuliwa siku ya tatu, mikeka ikakunjwa na masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, anabaki yeye na nyumba. Siilaumu sheria, maana eda ina sababu zake. Ninachokitazama ni kile kilichoota pembeni yake: kwa mjane kumeota desturi nzima ya kukaa naye, na kwa mgane hakukuota kitu. Yeye huonekana ana tatizo la kupikiwa tu, na tatizo hilo watu hulimaliza kwa kumwoza upesi au kumtafutia binti wa kazi. Upweke wake hauna muda uliopangwa, hauna mavazi, wala hauna siku ya kuisha.

Mgane ninayemfikiria ni Mzaramo wa Magomeni, Dar es Salaam, mstaafu wa kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Aliingia akiwa kijana na kuwekwa idara ya ufumaji, akatoka na mvi. Mashine za kufumia zilimwachia mambo mawili: vidole vinavyokijua kitambaa kabla ya macho, na masikio yasiyoshika vizuri sauti nyembamba. La masikio nitalirudia, kwa sababu limechangia upweke wake zaidi ya watoto wake wanavyodhani.

Ana watoto watatu, na wote wako jiji hilihili. Mkubwa anaishi Kibamba, binti yuko Goba, wa mwisho Kigamboni. Hakuna aliyevuka bahari wala aliyemtupa baba yake. Kila mwezi simu ya mzee inalia ujumbe wa pesa kabla ya tarehe tano, na bima ya afya imelipiwa. Ila wao wenyewe huonekana Idi mbili, na pengine siku moja katikati. Wanatoka makwao kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kuiwahi foleni na kurudi usiku. Jumamosi ni ya misiba na harusi, Jumapili ni ya kufua na kulala. Nawaamini wanaposema hawana muda. Siwaoni kama watoto wabaya, na aliyetaka kisa cha watoto wabaya hatakipata hapa.

Zamani kidogo pesa ya mzazi ilikuwa na miguu. Mtoto aliyetaka kumsaidia baba alilazimika kuibeba, au kumpa mtu anayekwenda huko. Aliyeibeba alifika mlangoni, akapewa maji ya kunywa, akaona paa linavuja, akasikia kikohozi. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zilipoingia Tanzania mwaka 2008, pesa imepata njia ya kufika peke yake. Wagonjwa wangapi wamewahi hospitali kwa sababu ya njia hiyo, Mungu ndiye ajuaye, na sitaki irudi nyuma. Lakini ile safari iliyokuwa imefungamana na pesa haikutumwa pamoja nayo. Hakuna aliyekaa akaamua iachwe. Ilikosa tu sababu ya kufanywa.

Ikabaki simu ya kuzungumza. Nimewahi kukaa karibu na mzee akipokea simu ya binti yake. Shikamoo baba. Marahaba. Umeamkaje? Salama. Umekula? Nimekula. Dawa umemeza? Nimemeza. Haya baba, nitakuja, tuombeane. Haya mwanangu. Ilikuwa simu ya upendo, naye binti alikuwa akipiga kutoka ndani ya daladala. Ila mzee hakusikia hata nusu yake. Masikio ya kiwandani humnyima maneno ya kwenye simu, naye, kwa kuona aibu kusema “rudia” mara tatu, alijifunza mpangilio wa maswali na kuyajibu kwa zamu. Alijibu “nimekula” siku ambayo hakuwa amekula. Binti akakata simu moyo wake umetulia.

Watoto walijaribu njia nyingine. Mama yao alipokwisha kufanyiwa arobaini, wakamchukua baba kwenda kuishi Goba. Nyumba ya binti ni nzuri, ina vigae chini na ukuta wa matofali wenye geti la chuma. Saa kumi na moja alfajiri watu wazima wanaondoka, basi la shule linachukua wajukuu, na mzee anabaki na msichana wa kazi na runinga. Nje ya geti ni barabara ya vumbi isiyopita mtu wa kumjua. Haukupita mwezi akaomba kurudi Magomeni. Watoto wakachukulia kwamba ameshindwa kuliacha kaburi la mama, na sababu hiyo imo. Lakini nyumba za Kiswahili za Magomeni zina kitu ambacho nyumba za Goba hazina: kibaraza kinachotazama njia. Mtu aliyekaa kibarazani hajaalikwa wala hajatembelewa, na bado yupo na watu. Anaweza kuulizwa njia, kupewa salamu, kuachiwa ufunguo. Tumehamia kwenye nyumba zenye kuta kwa ajili ya usalama, na kuta hizo zimewafungia wazee wetu ndani.

Nyumba inayofuata baada ya ya mzee pale Magomeni ina fremu mbili mbele, na moja alipanga fundi cherehani kutoka Tabora, Mnyamwezi wa miaka kama hamsini. Walisalimiana kwa muda mrefu bila kingine. Mambo yalibadilika siku mteja mmoja alipokuja na gauni mkononi akifoka. Gauni lilimtosha sawasawa siku ya kulichukua. Kulifua mara moja tu, limepanda juu ya magoti na kumbana makwapani. Alitaka alipwe. Fundi akasema vipimo viko daftarini, mteja akasema daftari halivaliwi. Mzee alikuwa amekaa kwake akiona midomo kuliko kusikia, na fundi, kwa kukosa shahidi, akamgeukia: “Mzee, wewe si ulikuwa Urafiki? Hebu njoo ulione hili.”

Mzee alikwenda. Aliupitisha upindo wa gauni kati ya kidole gumba na cha shahada, akachomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, akaomba kiberiti. Uzi uliwaka polepole, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha jivu jepesi. “Pamba,” akasema. Kisha akaeleza kwa utaratibu ambao hakuna aliyekuwa amemwomba kwa miaka. Kitambaa cha pamba kinapofumwa, nyuzi za mtande huvutwa zikakazwa mashineni, na mshindio hupitishwa katikati yake. Kikitoka kiwandani bila kutayarishwa vizuri, nyuzi hizo bado zimeshikilia ule mvuto. Zikikutana na maji zinaulegeza na kujirudia, ndiyo maana gauni hupungua zaidi kwa urefu, kufuata mtande, kuliko kwa upana. Kingekuwa poliesta, uzi ungejikunja kuukimbia moto na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba ya namna ile ilowekwe usiku mzima, ikaushwe, ndipo ikatwe. Fundi hakukosea vipimo. Alikosea kukata kabla ya kuloweka. Wakagawana hasara, fundi na mteja, na yule mama akaondoka bila kufoka.

Tangu siku hiyo kiti cha mzee kikahamia fremuni. Kila kitambaa kilichoingia kilipita kwanza vidoleni mwake.

Nimelitafakari hilo gauni kuliko vitabu vingi nilivyosoma juu ya uzee. Watoto wa mzee humletea: pesa, mchele, dawa, shuka mpya. Na anayeletewa hushukuru, kisha anabaki na swali ambalo hawezi kulisema mbele yao, kwa sababu litasikika kama kukosa shukrani: mimi bado ni wa nini? Fundi hakumletea kitu. Alimwomba. Na ombi lake halikuwa la huruma, lile la mtu anayemtafutia mzee kazi ya kumchangamsha. Lilikuwa la mtu aliyebanwa, ambaye angelipa pesa kama yule mzee asingekuwepo. Nadhani hapo ndipo tofauti yote ilipo. Mtu anatambua anapochangamshwa, na hata mtoto mdogo hutambua. Haja ya kweli haiwezi kuigizwa, na ndiyo iliyomrudishia mzee huyu asubuhi zake.

Aristoteli, katika vitabu vya maadili alivyomwandikia mwanawe Nikomako au vilivyohaririwa naye, ametumia sehemu mbili nzima kati ya kumi kuuzungumza urafiki. Anataja urafiki wa faida, wa furaha na wa wema, na anasema ule wa faida hupatikana hasa kwa wazee, kwa kuwa umri wao hutafuta manufaa kuliko raha. Anauweka chini: faida ikiisha, na urafiki umekwisha. Namheshimu, lakini hapa nadhani alitazama upande mmoja. Aliona mzee anayetafuta wa kumfaa. Hakuona mzee anayetafuta mtu ambaye yeye mzee atamfaa. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa na kila anayempenda “baba, wewe pumzika tu,” kufaa ni namna ya kuendelea kuhesabiwa miongoni mwa watu, wala si biashara.

Hata hivyo hoja ya Aristoteli inastahili kujaribiwa, na kwa mzee huyu ilijaribiwa.

Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, mafundi wanaposhona hadi usiku. Fundi alikuwa na rundo la kaptula za bluu iliyoiva, akanyoosha mkono bila kutazama: “Babu, nipe uzi wa bluu.” Mzee akampa mweusi. Fundi akacheka, akamtania. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Jioni kwenye bao, mzee alipokuwa akisambaza, kete mbili zikaanguka shimo moja na la pili likarukwa, naye hakuwa mtu wa kuiba wala wa kusahau. Mchana wa jua kali akawa anakaa ameupa barabara mgongo. Fundi akaviweka pamoja vitu hivyo vitatu, na siku ya nne akasema: “Wewe huoni.” Mzee akakataa. Fundi akaweka vibiringi viwili mezani, cha uzi mweusi na cha bluu, akamwambia achague. Mzee akanyamaza.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya jicho huchakaa taratibu, ikafifia na kuwa na umanjano, na rangi ya kwanza kupotea mara nyingi ni bluu, inayozama mpaka ikafanana na nyeusi. Jua nalo humuumiza mgonjwa kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya lenzi iliyochafuka. Jambo hili huja kwa miezi na miaka. Mgeni wa siku ya Idi hawezi kuligundua. Anamkuta baba ameoga, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amekaa kwenye kiti alichokizoea, katika sebule anayoweza kuitembea usiku wa giza. Anaondoka akisema mzee yuko imara. Hadanganyi, ameonyeshwa siku ambayo mzee ameitayarisha. Kuona mabadiliko kunataka mtu aliyekuona jana na juzi, katika saa ambazo hukujitayarisha.

Kisha jirani akafika mwisho wa uwezo wake. Hakuwa na pesa ya upasuaji, wala hakuwa na haki ya kumwamulia mzee. Alimpigia simu binti. Binti alikuja siku hiyohiyo, na hili liandikwe pia: alikuja, akalia, akaomba ruhusa kazini, akashughulikia bima, akasaini fomu, akalala hospitalini. Jicho la kwanza likapasuliwa, lenzi iliyochakaa ikatolewa na ya bandia ikawekwa. Baada ya hapo ni matone, mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, bila kuinama kwa nguvu wala kuingiza maji jichoni. Binti hawezi kufunga safari ya Goba hadi Magomeni mara nne kwa siku. Fundi alifanya. Aliosha mikono, akamwinamisha mzee kichwa nyuma, akavuta chini ukope kwa kidole, akadondosha. Tangu mkewe alipofariki, hakuna aliyekuwa amemshika mzee usoni.

Katika wiki hizo mzee hakuwa na faida yoyote fremuni. Hakushika kitambaa. Urafiki ulitakiwa kuisha kwa hesabu ya Aristoteli, nao haukuisha. Sababu moja naijua, nayo haikutoka Ugiriki.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wasimulizi wengi huurudisha utani huo kwenye misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi walipopita Uzaramo wakielekea pwani. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako, kukutukana mbele ya watu, kukucheka hata msibani, na kukasirika ni aibu yako wewe. Fundi alimwambia mzee huyu asubuhi moja: “Wewe Mzaramo, unanuka kama gunia la dagaa, nenda kaoge.” Jaribu kumfikiria binti akiyasema hayo. Hawezi, heshima imemfunga mdomo, na ni heshima njema aliyolelewa nayo na baba huyohuyo. Kwa hiyo binti alipoona kola chafu alinunua kanzu mpya. Mzee alibaki na kanzu mpya na mwili usiooga, kwa kuwa aliyemjali zaidi ndiye asiyeweza kumwambia. Utani ulilifikia jambo moja kwa moja bila kumvua mzee utu wake. Maana mtani hakuonei huruma. Anayekutukana kwa haki ya kabila anakuchukulia kuwa mtu mzima mwenye uwezo wa kumrudishia. Na mzee alimrudishia, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Ninafikiri watoto wengi wa wakati wetu hawajui kwamba wanachokosa kumpa mzazi hakipatikani hata wakiongeza ziara. Kuja mara nne badala ya mbili kungekuwa vizuri, lakini mgeni wa mara nne bado ni mgeni, na mwenyeji bado atavaa kanzu. Binti alianza kuliona hili wakati wa matone. Mara ya mwisho nilipomkuta Magomeni alikuwa ameleta vipande viwili vya kitambaa cha pazia, amevitupa mapajani mwa baba yake, anamuuliza anunue kipi. Mzee alichomoa uzi. Kile cha bei kubwa, alichouziwa Kariakoo kuwa pamba tupu, kikaacha kidonge cheusi. Wakagombana kwa furaha robo saa nzima, kuhusu bei na kuhusu ujinga wa wanunuzi wa siku hizi, na mzee alisikia kila neno kwa kuwa binti alikuwa amekaa mbele yake, anaonekana midomo.

Lipo jambo ambalo halijaisha. Nyumba yenye fremu ya fundi imeachwa na marehemu mwenye warithi wengi, na wameafikiana kuiuza. Fundi ametakiwa kuondoka ndani ya miezi mitatu. Amesema huenda akarudi Tabora. Mzee naye ana chumba cha mbele, kile alimokuwa akilala mkewe alipougua, na anataka kukitoboa mlango upande wa njia ampe fundi. Mtoto mkubwa hajakubali. Hofu yake ni ya kweli na imewahi kuwafika wengi Dar es Salaam: mtu huingia kwa wema, mzee anafariki, na warithi wanamkuta ndani akidai alipewa. Hakuna sheria wala desturi inayomtambua jirani aliyemtia baba yako matone. Mjane ana eda, mtoto ana mirathi, mpangaji ana mkataba, huyu hana jina.

Maoni yangu nimeyasema kwa familia waliponiuliza. Apewe chumba, na apewe kwa maandishi: kodi ndogo itajwe, muda utajwe, iandikwe wazi kwamba ni upangaji na si zawadi, watoto wote watatu wasaini pamoja na baba, na serikali ya mtaa ishuhudie. Mzee aliposikia neno kodi alikasirika, akasema hawezi kumtoza mtani wake. Fundi ndiye aliyesisitiza alipe. Wanabishania kiasi mpaka sasa, mzee akishusha na fundi akipandisha, na mtoto mkubwa ameahidi kuja Jumapili kusikiliza.